Mfereji Nyuma ya Kifundo

Fundi viatu alikuwa ameinamia soli ya mteja, uzi wenye nta mdomoni, aliposikia kitu kikilia ko nyuma ya mgongo wake. Hakugeuka. Miaka thelathini ya kukaa kwenye kigoda kile ilikuwa imemfundisha kila sauti ya banda lake, kuanzia nyundo mpaka mbao za dari zikipata jua, na hiyo hakuijua. Ikalia tena. Hapo akageuka, akamwona binti yake amekaa kwenye benchi la wateja, amevua raba ya mguu wa kulia, anazungusha kifundo taratibu, uso ameukunja.

"Hicho nini, mama?"

"Kifundo tu, baba. Kinalia."

Alimwita mama kwa sababu binti alibeba jina la mama mzazi wa fundi. Watu wengine wote, kuanzia mtaani hadi kwenye mashindano, walimwita Cherehani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na hatua zake zilikuwa sawa kwa sawa, fupi, za haraka, hazikosei, kama sindano ya mashine inavyopita kwenye kitambaa. Fundi alijifanya jina lile halimhusu. Lakini mteja mgeni akikaa tu, hata kiatu hajavua, fundi alitafuta njia ya kulichomeka kwenye mazungumzo. Jirani yake fundi saa, aliyeshiriki naye ukuta mmoja wa mabati, alisema ipo siku fundi viatu atamtajia Cherehani hata mbwa aliyekuja kunusa ngozi.

Habari ya kifundo ilikuwa hivi. Jumamosi iliyopita, kwenye mbio za nyika, Cherehani alikanyaga shimo lililofunikwa na majani. Mguu ukajikunja kwenda juu kwa ghafla, akasikia kitu kimefyatuka nyuma ya ule mfupa wa nje wa kifundo. Akamaliza mbio wa pili akichechemea. Daktari wa timu alibonyeza kidogo, akamtuma eksirei, eksirei ikaonyesha mifupa mizima, akasema ni kuteguka, afunge bendeji, awe anaweka barafu, siku tano zikipita arudi mazoezini. Siku tano zilikuwa zimepita. Uvimbe ulikuwa umeshuka, maumivu hayakushuka, na kila alipopanda mwinuko au kukata kona mguu ulilia.

Mtu mwingine angempeleka bintiye hospitali. Fundi hakuwa mtu huyo. Miaka minne nyuma mkewe alikata roho kwenye wodi ya hospitali ile ile kubwa iliyo mwisho wa barabara. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo stoo, stoo ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mkubwa mmoja aliyekuwa kwenye semina. Semina ya huduma bora. Tangu siku hiyo fundi hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye ofisi. Barabara ikiwa na mashimo, wakubwa. Umeme ukikatika, wakubwa. Hata mvua ikichelewa alikuwa anaangalia upande wa majengo ya serikali kwanza, ndipo aangalie mbingu.

Kwa hiyo alifanya alichokijua. Alichukua ile raba ya kulia, akapasua mshono wa nyuma, akachomeka kipande cha ngozi ngumu kilichozunguka kisigino na kupanda hadi juu ya kifundo upande wa nje, akashona kwa uzi wa nta mara mbili. Alipomaliza, kiatu kilisimama wima chenyewe kama askari wa gwaride. Kazi safi. Fundi saa alikuja kuitazama, akakiri kwamba safari hii hana la kutania.

Cherehani alikimbia na kiatu kile wiki nzima. Siku ya saba alirudi kutoka mazoezini akiwa amekivua, amekishika mkononi, anatembea na soksi.

"Baba, kesho naenda hospitali," alisema. "Ukitaka twende wote, twende. Usipotaka nitaenda mwenyewe."

Hakuwa ameinua sauti. Ndiyo maana fundi alikunja virago vyake asubuhi yake, akafunga banda, akamfuata.

Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa mwisho wa korido ndefu, kina vitanda viwili, mipira mikubwa, ngazi ya hatua tatu isiyokwenda popote, na kioo kikubwa ukutani. Aliyewapokea alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye viganja vipana, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni. Fundi aliitazama mikono ile na chuki yake ikapungua kidogo bila idhini yake. Ilikuwa mikono ya mtu anayefanya kazi.

Yule mama hakugusa kifundo kwanza. Alimtaka Cherehani asimame peku amgeuzie mgongo, akachuchumaa akaangalia visigino. Kisha akachukua raba zote mbili, akazipindua, akapitisha kidole kwenye soli. Akasema zimeliwa ukingo wa nje tu, ukingo wa ndani kama umetoka dukani jana. Fundi akadakia kwamba hilo yeye alilijua tangu binti akiwa darasa la tano. Nyayo zake zina upinde mrefu, na visigino vimelalia ndani kidogo, kwa hiyo uzito wote unakwenda nje. Mama wa viungo akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni fundi?"

"Miaka thelathini."

"Basi sogea uone vizuri."

Akamlaza Cherehani ubavu, akaweka kidole nyuma ya mfupa wa nje wa kifundo, mkono mwingine akaushikilia unyayo. Akamwambia apandishe mguu juu na kuusukuma nje kwa nguvu, na yeye akauzuia. Fundi aliinama. Chini ya ngozi aliona kitu kama kamba kikijikusanya, kikapanda juu ya mfupa, kikadondoka upande wa mbele. Ko. Cherehani akauma meno. Alipolegeza mguu, ile kamba ikarudi nyuma ya mfupa kama panya anayerudi shimoni.

Mama wa viungo alieleza bila haraka. Kifundo kinacholia bila kuuma mara nyingi si kitu, watu wengi viungo vyao hulia na wanaishi. Hiki kinalia, kinauma, na kinacholia kinaonekana kwa macho. Nyuma ya mfupa ule zinapita kano mbili, kamba za nyama ya pembeni ya mguu, zinashuka hadi kwenye unyayo. Kazi yake ni kuuzuia mguu usipinduke ndani. Mfupa una mfereji mdogo ambamo kano zinalala, na juu yake kuna utepe unaozifunika zisiruke. Siku ya lile shimo, kano zilivutwa kwa ghafla zikaung'oa utepe kwenye mfupa. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi kamba. Na mtu akibonyeza kifundo kilichotulia, kano zimelala mahali pake, ataona kuteguka kwa kawaida. Lazima umfanyishe kazi ndipo zitoroke.

"Kwa hiyo daktari wa timu hakumfanyisha kazi," fundi alisema, na uso wake uling'aa kwa hasira tamu ya mtu aliyethibitishiwa.

"Hakumfanyisha." Mama wa viungo alisogeza taa. "Na hapa je, nani amefanya hivi?"

Alikuwa anaonyesha mstari mwekundu kwenye ngozi, nyuma tu ya mfupa, mwembamba na ulionyooka kama umepigwa rula. Akaichukua raba ya kulia, akaiweka karibu. Ukingo wa ile ngozi ngumu, wenye mshono wa mara mbili, ulikaa juu ya mstari ule bila kupungua wala kuzidi. Wiki nzima, kila hatua, ngozi ile ilikuwa inazisaga kano zilizokwisha kutoka mahali pake.

Fundi alitafuta mkubwa wa kumlaumu chumbani mle, hakumpata. Mama wa viungo alimwambia, kwa namna ya kumtua mzigo kidogo, kwamba utepe uliraruliwa na shimo, si na kiatu. Kiatu kiliongeza msuguano, na zile siku za kuendelea kukimbia ndizo ziliharibu zaidi. Fundi aliichukua raba, akaiweka kwapani, wakaenda kwa daktari wa mifupa alikowaelekeza.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana wa miwani. Alipaka kifundo mafuta ya baridi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi huku Cherehani akisukuma mguu nje, na kwenye skrini wakaiona kano ikiruka ukingo wa mfupa. Akasema njia ni mbili. Ya kwanza ni plasta ngumu wiki sita bila kukanyaga. Wanaowahi mapema, kama nusu yao hupona, wengine kano hutoroka tena. Kwa Cherehani, aliyekwisha kukimbia juu ya jeraha, na mwenye mfereji karibu bapa, nafasi ilikuwa ndogo zaidi. Ya pili ni upasuaji: kuchimba mfereji uwe na kina, kuzilaza kano ndani, na kuushona utepe upya kwenye mfupa. Kisha miezi sita au zaidi kabla ya mashindano.

Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa wiki tano mbele.

Fundi akasema bintiye hatapasuliwa. Alisema kwa adabu, akasimama, akatoka. Korido ile ile, miaka minne nyuma, alikuwa ameikimbia mara saba akitafuta mtu mwenye ufunguo.

Jioni yake, jua halijazama, Mwenyekiti wa chama cha riadha alifika bandani. Alikuwa mtu mnene wa suti ya michezo ambayo haijawahi kuonja jasho. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akampaka fundi mafuta kwa mgongo wa chupa, akimwita baba mzazi wa hazina yetu, kisha akaingia kwenye kilichomleta. Daktari wa timu ana sindano. Inachomwa pale pale kwenye kano, inazima maumivu na uvimbe. Cherehani atakimbia mchujo, atapita, na hayo mengine yataangaliwa baadaye. Hospitali wanapenda kupasua, alisema, kila mtu anajua.

Na ajabu ya mambo, fundi akajikuta anatikisa kichwa kukubali. Yeye, ambaye hajawahi kukubaliana na mwenye cheo hata juu ya saa ni ngapi. Sindano ilikuwa haina korido, haina wodi, haina stoo. Fundi saa, aliyekuwa anasikiliza kupitia mabati kama kawaida yake, aliacha kukohoa.

Cherehani alikuwa mlangoni, uzito wote kwenye mguu wa kushoto.

"Mama wa viungo alinionya leo kuhusu sindano kama hiyo," alisema. "Dawa yake inailegeza kano, hasa inayosagika. Na nikifa ganzi sitajua inapokatika." Akamgeukia baba yake. "Mimi nimeshaamua, baba. Napasuliwa. Ninachongoja ni kujua kama utakaa mlangoni unisubiri, au nimwombe fundi saa."

Mwenyekiti alicheka kidogo, akasema watoto wa siku hizi, mzee, zungumza naye.

Fundi hakuzungumza naye. Aliinama akaendelea na kiatu kilichokuwa mapajani, maana mikono yake ilikuwa haijui kukaa bure. Kilikuwa cha mteja, kimeshonwa na fundi mwingine wa huko mjini, nacho kilikuwa kimeachia soli baada ya miezi miwili tu. Akakipindua kutafuta sababu, ingawa sababu aliijua kabla ya kupindua. Fundi wa kweli, kabla ya kushona soli, huchukua kisu akachimba mfereji kuizunguka yote, ili uzi ulale ndani na lami isiuguse. Fundi mvivu huukwaruza tu. Mfereji ukiwa bapa, uzi hupanda juu ya soli, na barabara huula nyuzi moja moja hadi kiatu kifunguke mdomo.

Alikaa akiutazama uzi ule uliochakaa. Kisha akamwonyesha Mwenyekiti.

"Unaona hapa? Mteja angekuja kwangu akaniambia, fundi, nipake rangi tu juu ya mshono, nina harusi wiki ijayo. Ningempaka. Harusini angependeza. Katikati ya ngoma soli ingebaki sakafuni."

Mwenyekiti akasema hakuja kujifunza ushonaji.

"Najua. Ungejifunza usingekuwa unataka kumpaka rangi mtoto wangu." Fundi aliweka kiatu chini. "Yule kijana wa miwani anachimba mfereji. Hiyo kazi naijua. Nimeichimba miaka thelathini na sijawahi kuona njia nyingine. Mama, mtakwenda saa ngapi?"

"Tutakwenda, baba. Siyo mtakwenda."

"Haya. Tutakwenda saa ngapi?"

Mwenyekiti aliondoka akisema nafasi hairudi mara mbili, na kwamba jina litatolewa kwenye orodha. Likatolewa kweli, siku mbili baadaye, kwa barua yenye mhuri. Fundi aliisoma herufi kwa herufi, kwa kuwa kusoma kwake kulikuwa kwa kupapasa, akaikunja, akaitumia kusawazisha mguu mfupi wa meza.

Siku ya upasuaji alikaa kwenye kiti cha chuma nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, na kila aliyepita na koti jeupe alimuuliza kama ufunguo wa stoo upo. Wengine walicheka. Nesi mmoja mtu mzima hakucheka. Alikwenda, akarudi, akamwambia mitungi mitatu ipo ndani tayari, imejaa, ameiona kwa macho yake. Fundi alimshukuru.

Ilipita saa moja na nusu. Yule kijana wa miwani alitoka akiwa amevua kofia. Mfereji umechimbwa, kano zimelala, utepe umeshonwa. Na kulikuwa na jambo jingine: ile kano inayolala karibu na mfupa ilikuwa imeanza kuchanika kwa urefu, kama sentimita mbili, kama uzi unaofumuka. Aliisafisha akaishona. Angekimbia mchujo kwa sindano, alisema, huenda leo tungekuwa na habari nyingine.

"Ulishona mishono mingapi?" fundi aliuliza.

Daktari akashangaa kidogo, akamtajia. Fundi akatikisa kichwa kama fundi anavyotikisa kwa fundi mwenzake. Hakuna aliyemjua fundi viatu, hata fundi saa, aliyewahi kumwona akimtikisia kichwa namna ile mtu mwenye koti na cheo.

Kilichofuata kilikuwa cha pole pole, na ndicho fundi alichokuja kukisimulia kwa fahari kuliko mashindano yote. Wiki mbili za plasta, magongo, mguu haukanyagi hata kwa bahati mbaya. Kisha buti refu la plastiki, kukanyaga kidogo kidogo. Wiki ya sita buti likatoka, na nyama ya mguu ilikuwa imesinyaa mpaka fundi aliangalia pembeni. Cherehani hakuangalia pembeni. Alifunga ukanda wa mpira wa mazoezi kwenye mguu wa benchi la wateja, akausukuma kwa ukingo wa nje wa unyayo, mara kumi na tano, apumzike, tena, huku wateja wakisubiri viatu vyao wamesimama. Alisimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki. Alipanda kwa vidole na kushuka, kwanza miguu miwili, kisha mmoja. Mama wa viungo alimwambia hatakimbia mpaka mguu ule upande mara ishirini na tano bila kutetemeka kama mwenzake. Alikaa kwenye kumi na nane siku tisa. Hakudanganya hesabu hata siku moja, na fundi alijua, maana alikuwa anahesabu kimya kimya, nyundo mkononi.

Naye alikuwa na kazi yake. Mama wa viungo alimwagiza kabari ya kuweka ndani ya kiatu, inayoinua ukingo wa nje wa unyayo milimita tatu tu, ili kano zisifanye kazi ya peke yake. Fundi alitengeneza nne na kuzitupa. Ya tano ilikuwa ya kizibo kilichokatwa kwa kisu kipya, ikavikwa ngozi laini ya kondoo, na ilikwisha taratibu kwenye ncha hadi kidole hakikujua inaishia wapi. Nyuma ya kiatu alikata ukingo, akaushusha chini ya kifundo, akaujaza pamba. Mama wa viungo aliigeuzageuza kabari ile akauliza kama anaweza kumtengenezea nyingine, ana wagonjwa. Fundi akasema ataona nafasi, na akiwa njiani kurudi alikuwa anapiga mluzi.

Mwezi wa nne, dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kwenye nyasi bapa. Mwezi wa sita, vilima vifupi. Mwezi wa nane, Cherehani aliingia mbio za nyika za wilaya, kilomita nane.

Fundi alisimama kwenye kona mbaya kuliko zote, mteremko unaogeukia kushoto wenye mawe, mahali ambapo mguu wa kulia hubeba kila kitu. Wakapita wa kwanza, wa pili, kundi. Kisha akamwona akija, hatua fupi, za haraka, zilizo sawa. Aliingia kwenye kona bila kupunguza, mguu ukatua, ukashika, ukasukuma, akapita. Hakumwangalia baba yake. Hakuwa na muda huo.

Alimaliza wa tisa.

Mwenyekiti alikuwepo, na suti ile ile. Alikuja na mkono mbele, akasema siku zote alijua huyu binti ana moyo. Fundi aliupokea mkono, akaushikilia, akamwambia kwa upole kwamba barua yake iko salama, inazuia meza isiyumbe. Mwenyekiti hakuelewa, na fundi hakumweleza.

Kesho yake bandani hakuna mteja aliyekaa kabla ya kuambiwa. Wa tisa, kati ya mia na kumi. Mama mwenye kandambili iliyokatika aliambiwa mara mbili. Fundi saa alitoa kichwa upande wake wa mabati.

"Mwaka juzi alikuwa wa kwanza ukasema mara moja kwa siku," alisema. "Leo wa tisa, na hata chai hujanywa."

"Wa kwanza alizaliwa nao," fundi alisema. "Huu wa tisa ameutengeneza."

Cherehani alikuwa kwenye benchi, mpira umefungwa, anasukuma mguu nje, kumi na mbili, kumi na tatu. Akamwomba baba yake aache kuwachosha watu na huo wa tisa, kwa kuwa mwezi ujao kuna mbio nyingine.

"Hizo nitazitangaza mwezi ujao," fundi alisema, akamgeukia mteja aliyekuwa anaingia.